Kabla ya kuingia mechi ya Counter-Strike na wageni: zizoee namba na majina ya mahali

Anayeingia Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa timu mbili kufyatuliana risasi, kwenye seva za Ulaya kwa mara ya kwanza huhangaika kukariri misimu ya wachezaji. Misimu ndiyo sehemu nyepesi. GLHF mwanzoni ni kutakiana heri, GG mwishoni ni kusema mechi ilikuwa nzuri, NT ni pole kwa aliyejaribu akashindwa. Ndani ya saa moja umeshazijua zote. Kinachokuangusha ni namba, maana namba ileile inaweza kuwa idadi ya maadui, uhai uliobaki au uhai uliopotea, na msemaji hana muda wa kukufafanulia.

Chukua ramani ya Mirage. Mwenzako ana AWP, ile bunduki ya kudungulia ya dola 4,750 za mchezo, anafyatua, anakufa papo hapo, kisha anapiga kelele: "Palas, mainas eiti foo!" Mimi niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani adui aliye sehemu iitwayo Palace ana uhai wa 84, nikarudi nyuma kumkimbia. Nilikuwa nimekosea kabisa. Kila mchezaji huanza raundi na uhai wa 100, na mwenzangu alikuwa akitaja alichopunguza. Adui alibakiwa na 16. AWP ikikupata kifuani au tumboni umekwisha, lakini mguuni haiui. Kwa hiyo namba ya themanini na kitu kutoka kwa mwenye AWP karibu kila mara maana yake ni kwamba amempiga mguu. Adui wa 16 unamfuata. Risasi moja ya karibu ya AK-47 inammaliza, hata ikimgusa mguuni tu.

Kwa hiyo, kabla ya mechi, jizoeze kutoa namba kwenye 100 haraka. Neno "lit" likitangulia, au "mainas", au namba ikifuatwa na "in", hiyo ni demeji, yaani uhai aliopunguziwa adui. Likiwa "lo", adui ana uhai mdogo. Ikiwa "wan hepi", anasema adui amebakiwa na 1, ingawa mara nyingi hiyo ni chumvi tu na ukweli uko kwenye ishirini hivi. Ikiwa "wan" peke yake pamoja na jina la mahali, hiyo ni idadi: adui mmoja yupo pale. Kuna mtego mwingine kwa wanaozungumza Kirusi, ambao utakutana nao sana. Kwao "minus adin" au "minus dva" si demeji, ni maiti: mmoja ameshaanguka, wawili wameshaanguka. Kanuni yangu ni kwamba minus ya moja hadi tano ni watu, kwa kuwa timu ina watu watano; minus ya makumi ni demeji.

Jambo la pili ni majina ya mahali. Pembeni ya rada, juu kushoto kwenye skrini, mchezo hukuandikia jina la sehemu uliyosimama. Inasaidia, ila usilitegemee peke yake, kwa kuwa wachezaji wana majina yao. Kwenye Mirage hiyohiyo, skrini husema "Sniper's Nest" na watu husema "windo", au "okno" wakiwa Warusi. Yote mawili ni dirisha. Skrini husema "Truck", watu husema "van". Skrini husema "Catwalk", watu husema "shot", yaani njia fupi, na ukilisikia katikati ya milio ya bunduki unaweza kudhani wanazungumzia risasi.

Dawa yake ni kutembea kwenye ramani tupu. Washa konsoli, lile dirisha la kuandikia amri, kwenye mipangilio ya mchezo, kisha andika mstari wa kwanza, subiri ramani ifunguke, ndipo uandike iliyobaki:

```
map de_mirage
bot_kick
mp_roundtime_defuse 60
mp_restartgame 1
```

Hapo una dakika 60 bila adui. Usitembee kimya. Ukifika kila kona, taja kwa sauti jina linalosemwa na watu, si lile la skrini tu. Anza na ramani moja. Ukichanganya tatu kwa siku moja utajikuta unatangaza adui wa Inferno wakati uko Mirage.

Ukishazijua sehemu, panga mdomo wako. Tangazo zuri lina mahali, idadi na hali, kwa mpangilio huo: "palas, wan, lo." Mahali hutangulia kwa sababu hata ukifa kabla ya kumaliza, wenzako wana cha kufanyia kazi. Kusema "kushoto" au "yuko pale" ni kelele. Kushoto kwako si kushoto kwa mwenzako. Bonyeza kitufe cha kuzungumza, sema, achia. Mtu akibaki peke yake dhidi ya wawili, nyamaza kabisa, kwa kuwa anawinda kwa masikio, na maelezo yako yanafunika nyayo za adui.

Neno moja la kulisikiliza kwa makini ni "sevu", lenye maana mbili kutegemea lini limesemwa. Likisemwa mwanzo wa raundi, wakati wa kununua, wanataka msinunue ili raundi inayofuata kila mmoja amudu AK-47 ya 2,700 pamoja na vazi la kinga na kofia ya 1,000. "Eko" ni raundi ya kubana matumizi namna hiyo. Likisemwa raundi ikiwa imeshapotea, maana yake jifiche, ubaki hai na bunduki yako. Mgeni husikia "sevu" la pili akadhani anaombwa kuokoa bomu, akakimbilia kufa na AWP mkononi. Timu nzima humchukia, na sina neno la kumtetea.

Kuhusu bomu lenyewe, kumbuka hesabu tatu: likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40, kulitegua ni sekunde 10, na ukiwa na vifaa vya kutegulia vya dola 400 ni sekunde 5. Ukisikia "stik, stik!" huku umeinamia bomu, wanakusihi usiachie. Wameshapiga hesabu wakaona ukiachia hata kidogo muda hautoshi, kwa kuwa kutegua kunaanza upya. "No taim" ni kinyume chake: muda umekwisha, kimbia mlipuko, linda bunduki.

Matusi nayo yapo. Utaona "cyka" kwenye maandishi. Ni tusi la Kirusi lililoandikwa kwa herufi zinazofanana na zao, na husomwa "suka". Utasikia pia "kurva" ya Wapolandi. Wageni wengi huyarudia kama mzaha, na mzaha huo haupokelewi vizuri na wenye lugha. "Davai" si tusi, ni "haya, twende". Mtu akizidi, fungua ubao wa alama, bofya jina lake, mzimie sauti. Fanya hivyo mapema, kati ya raundi, si ukiwa umebaki peke yako na nyayo zinakukaribia.