Muuza maua na duka la zawadi: kifurushi cha mahafali ya UDOM

Muuza maua na duka la zawadi wanapouza shada na zawadi kama kifurushi kimoja, kinachovunja ushirikiano wao mara nyingi ni punguzo. Wanakata bei kwa pamoja, halafu hawajui nani amebeba kiasi gani. Kwa hiyo anzeni na hesabu kabla ya kuchapisha bango lolote.

Kwanza, gawaneni punguzo kwa faida. Tuchukue shada la shilingi 25,000 linalomgharimu muuza maua 14,000, pamoja na yale yanayonyauka njiani kutoka Arusha. Kikombe chenye jina la mhitimu kinauzwa 20,000 na gharama yake ni 11,000. Jumla ni 45,000, mnauza 40,000. Faida zilikuwa 11,000 na 9,000, hivyo punguzo la 5,000 linagawanyika 2,750 na 2,250. Ili chenji isisumbue, muuza maua achukue 22,000, duka la zawadi 18,000.

Pili, malipo yafuate mgawo. Mteja anapoweka oda alipe 22,000 kwenye namba ya muuza maua. 18,000 alipe kwenye duka la zawadi siku ya kuchukua. Kila mmoja anatoa risiti ya fedha yake na hakuna anayemdai mwenzake jioni. Muuza maua ndiye atangulie kulipwa, kwa sababu mteja asipotokea, maua hayarudi shelfu. Kikombe nacho kina jina la mtu, kwa hiyo duka lisikichapishe kabla ya kuona ujumbe wa malipo ya kwanza. Oda zifungwe kabla muuza maua hajaagiza mzigo.

Tatu, tunzeni maua pale yanapochukuliwa. Jua la Dodoma kabla ya mvua halisamehe. Duka la zawadi liwe na ndoo safi yenye maji, kivulini. Mashina yakatwe mshazari, kama sentimita 2, na majani yatakayozama yaondolewe, maana yakioza maji yanachafuka na shina linaziba. Ndoo isikae karibu na vikapu vya ndizi au maembe yaliyoiva: matunda hayo hutoa gesi inayozeesha maua haraka. Ukiona petali zinadondoka wakati shina bado ni gumu, chunguza hapo kwanza. Shada lifungwe na kikombe mteja akiwa amefika.

Nne, ulizeni swali moja kwenye kila oda: "Ulikuwa unatafuta maua, zawadi, au vyote?" Jibu liandikwe kwenye daftari mbele ya namba ya oda. Vifurushi 10 vinampa muuza maua faida ya 80,000, yaani 8,000 kwa kila kimoja. Kama 8 kati ya wateja hao wangenunua shada hata bila punguzo, angepata 88,000 kwa bei yake ya kawaida, kwa hiyo kifurushi kimemla. Wakiwa 7, angepata 77,000, na ushirikiano umelipa, ingawa kwa kidogo sana. Duka la zawadi lifanye hesabu hiyohiyo kwa faida yake, 7,000 kwa kifurushi dhidi ya 9,000. Mmoja akiwa amepoteza, rekebisheni mgawo au bei kabla ya Valentine.