Somo: Kumwandikia mhasibu barua ya kudai arudishe faini ya ritani iliyochelewa

Nimekaa pande zote mbili za meza hii. Nilianza kama karani katika ofisi ya uhasibu, na sasa kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kupanga hesabu zao. Barua za aina hii nimezipokea, na nimezisaidia kuandikwa. Nyingi hushindwa hata pale mteja anapokuwa na haki kabisa, kwa sababu zinadai mambo yasiyodaiwa na kuacha jambo moja lenye nguvu, yaani tarehe.

Nitafuata kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Ni cha fundi seremala mwenye karakana yake. Majina nayaacha, na tarakimu naziweka bila sarafu ili kila mtu aweke ya kwake.

Hatua ya 1: Tenganisha kodi, riba na faini

Fundi alikuja na notisi ya mamlaka ya kodi na barua aliyokwisha kuiandika kwa hasira. Alikuwa anadai 484,200. Nikamwomba tuisome notisi mstari kwa mstari. Kodi yenyewe ilikuwa 420,000, faini ya kuchelewa kuwasilisha ritani 60,000, na riba ya kuchelewa kulipa 4,200.

Ile 420,000 ni deni lake. Angeilipa hata kama ritani ingewasilishwa mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho, kwa hiyo mhasibu hakumsababishia hasara hiyo. Ukiitia kodi ndani ya dai, mhasibu ataijibu hiyo kodi tu, na sehemu yako ya haki itazama nayo.

Riba ina utata. Mhasibu atasema fedha zilikuwa mkononi mwako siku zote hizo, na kwa kiasi fulani atakuwa sahihi. Kama riba ni kubwa na unaweza kuonyesha kwamba fedha zilikaa tayari zikisubiri namba ya malipo kutoka kwake, idai kwa maelezo yake mbali na faini. Kwa fundi ilikuwa 4,200 tu, nikamshauri aiache. Ikabaki faini, 60,000. Hiyo isingekuwapo kabisa kama ritani ingefika kwa wakati, na ndiyo iliyostahili barua.

Hatua ya 2: Tafuta mahali palipoandikwa nani awasilishe

Hapa ndipo dai linaposimama au kuanguka. Mbele ya mamlaka ya kodi, mwenye ritani ni wewe, na notisi itakuja kwa jina lako hata kama hujawahi kuufungua mfumo wao. Mhasibu anawajibika kwako kwa yale mliyokubaliana tu. Kwa hiyo fungua barua ya makubaliano ya kazi uangalie kama inasema "kuandaa" peke yake au "kuandaa na kuwasilisha". Nimeona mteja akipoteza dai kwa neno hilo moja: mhasibu aliandaa, akamkabidhi, na mteja akaiweka kabatini akidhani imekwenda.

Ya fundi ilisema mhasibu "ataandaa na kuwasilisha ritani baada ya mteja kuidhinisha rasimu". Angalia pia kama kuna kifungu kinachoweka ukomo wa fidia, au kinachotaja siku ambayo mteja lazima awe ameleta nyaraka. Vifungu hivyo ni bora uvione wewe kwanza kuliko kuvisoma kwenye jibu lake.

Hatua ya 3: Panga tarehe, pamoja na zile zinazokuumiza

Tulikaa na simu ya fundi tukitafuta ujumbe mmoja mmoja. Daftari la mauzo na vocha alivipeleka 12 Mei. Taarifa ya benki ya mwezi mmoja ilikosekana, akaipeleka 14 Juni, na huko alichelewa kweli. Rasimu ilimfikia 18 Juni, naye akajibu 19 Juni: "Nimeipitia, iko sawa, endelea." Siku ya mwisho ilikuwa 30 Juni. Notisi ya faini ilikuja 9 Julai. Mhasibu alipofungua mfumo akaikuta ritani imejazwa yote lakini imehifadhiwa kama rasimu, kitufe cha kuwasilisha hakikubonyezwa. Akaiwasilisha 10 Julai, na fundi akalipa kodi siku hiyo hiyo.

Fundi alitaka tuifiche ile 14 Juni. Nilikataa. Mhasibu anayo kwenye barua pepe zake, na ndiyo atakayoanza nayo akijitetea. Ukiitaja mwenyewe, ukaonyesha kwamba rasimu kamili ilitoka siku 4 baadaye na idhini ikaja siku ya pili yake, unakuwa umethibitisha kwamba kuchelewa kwako hakukusababisha faini. Toka idhini hadi mwisho zilibaki siku 11, na kazi iliyobaki ilikuwa kubonyeza kitufe.

Ushahidi mkubwa ni risiti ya uwasilishaji inayotolewa na mfumo, yenye tarehe na saa. Ipakue mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako ya kodi, usingoje kutumiwa.

Hatua ya 4: Ombeni msamaha wa faini kwanza, huku muda ukienda

Mamlaka nyingi za kodi zina utaratibu wa kuomba faini ifutwe au ipunguzwe, na mara nyingi una siku zake za mwisho, ambazo huandikwa kwenye notisi. Mtake mhasibu aandike ombi hilo bila malipo na aeleze kosa lilikuwa la nani. Ukidai fidia bila kujaribu njia hii, ataweza kusema hukufanya lolote kupunguza hasara yako. Ila usiache faini ikiongezeka kwa ajili ya kubishana. Uliza kwanza kama kulipa kunakunyima nafasi ya kupinga. Kama hakukunyimi, lipa na utunze risiti.

Ombi la fundi lilikataliwa. Akalipa 60,000, ndipo tukaandika.

Hatua ya 5: Barua yenyewe

Hii hapa, ukurasa mmoja:

> Ndugu Mhasibu,
>
> YAH: KUREJESHEWA FAINI YA KUCHELEWA KUWASILISHA RITANI, 60,000
>
> Kwa makubaliano yetu ya kazi, ofisi yako iliandaa ritani yangu ya mwaka na ilipaswa kuiwasilisha baada ya idhini yangu.
>
> Nyaraka nilileta 12 Mei, na taarifa ya benki iliyobaki 14 Juni. Ulinitumia rasimu kamili 18 Juni, nikaiidhinisha kwa maandishi 19 Juni. Siku ya mwisho ilikuwa 30 Juni. Risiti ya mfumo inaonyesha ritani iliwasilishwa 10 Julai.
>
> Kwa kuchelewa huko nimetozwa faini ya 60,000. Ombi la msamaha ulilolipeleka limekataliwa, nami nimeilipa. Sidai kodi wala riba.
>
> Naomba unirejeshee 60,000 ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Kama una bima ya dhamana ya kitaaluma, tafadhali wajulishe kuhusu dai hili. Kama unaona kuna tarehe niliyokosea, nionyeshe kwa maandishi ndani ya muda huo huo.
>
> Nimeambatisha makubaliano, ujumbe wa idhini, risiti ya uwasilishaji, notisi, jibu la mamlaka na risiti ya malipo.
>
> Wako,

Angalia kisichokuwamo. Neno "uzembe" halimo, kwa sababu tarehe zimekwisha kulisema. Hakuna tishio la kumpeleka kwenye bodi ya wahasibu asipolipa. Malalamiko kwa bodi ni haki yako, lakini ukiyatumia kama tishio la kudai fedha yanaweza kukugeukia. Yaache yawe jambo la peke yake.

Sentensi ya bima, ile inayombeba mhasibu akidaiwa kwa kosa la kazi, watu wengi huiruka. Sera nyingi za bima hizo zinamkataza mhasibu kukiri kosa au kuahidi kulipa kabla kampuni ya bima haijajua. Kwa hiyo akikaa kimya wiki ya kwanza, huenda hakudharau, anasubiri jibu. Kwa fundi, kiasi kilikuwa chini ya sehemu ya kwanza ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe, na mhasibu akalipa kutoka mfukoni siku ya 12.

Maswali ya wanachama

Salma: Mwalimu, mimi sina makubaliano ya maandishi. Mhasibu wangu tulielewana kwa mdomo, miaka mitatu sasa.

Dada Salma, tafuta ankara zake. Kama ya mwaka jana imeandikwa "kuandaa na kuwasilisha ritani", umepata maandishi yako. Pakua pia risiti za uwasilishaji za miaka iliyopita. Kama zote aliziwasilisha yeye, hiyo inaonyesha mazoea ya kazi yenu. Katika barua, badala ya "kwa makubaliano yetu ya kazi" andika "kama ulivyofanya miaka mitatu iliyopita na kama ankara yako inavyosema".

Hamisi: Na kama nilipeleka karatasi siku 3 kabla ya mwisho?

Kaka, hapo dai la faini nzima ni gumu. Jiulize alikujibu nini ulipozipeleka. Kama alisema hatawahi, basi faini ni yako. Kama alizipokea akasema "usijali, itawahi", au palikuwa na nafasi ya kuomba nyongeza ya muda naye hakuomba wala hakukwambia, una hoja ya kumwomba abebe sehemu. Taja sehemu hiyo kwa tarakimu, na ueleze umeifikiaje.

Rehema: Bado namdai kazi na yeye ananidai ada. Nisimkate tu hiyo faini kwenye ada yake?

Usikate mwenyewe. Ukifanya hivyo, wewe ndiye unayekuwa mdaiwa, na huenda akashikilia vitabu vyako hadi ada iishe. Pendekeza kwenye barua kwamba faini ikatwe kwenye ada, na usubiri akubali kwa maandishi. Lakini pima pia: ukikubali fidia kwa njia ya punguzo la ada za mwakani, umejifunga kubaki naye mwaka mwingine.

Mzee Bakari: Mimi ni mhasibu. Nikipokea barua kama hii nijibu nini siku ya kwanza?

Shikamoo mzee. Thibitisha kwamba umeipokea, taja siku utakayojibu, na uwajulishe watu wa bima kabla ya kuandika "nitalipa". Hayo hayakuzuii kumsaidia mteja: ritani iende leo kama bado, na ombi la msamaha liandikwe kabla siku zake hazijapita.

Salma tena: Akikubali kulipa akaniletea karatasi ya kusaini, nisaini?

Isome kwanza inafuta nini. Fundi aliletewa karatasi iliyosema hana "dai lolote, la sasa wala la baadaye, kuhusu kazi yote iliyofanywa na ofisi". Hiyo ingefunika hata ritani za miaka mingine ambazo hakuna aliyezikagua bado. Tukaifuta tukaandika "faini ya 60,000 ya ritani ya mwaka huu, iliyotolewa kwa notisi ya 9 Julai". Mhasibu akasaini bila ubishi, na fundi akasaini baada ya kuona fedha zimeingia benki.