Hedifoni zinazohama zenyewe kati ya simu na laptopu: mtafute anayeziita

Juzi binamu yangu alinifuata kibandani kwangu Ngamiani. "Kaka, hizi zimekufa. Nasikiliza mawaidha kwenye simu, mara kimya, nikihesabu mpaka tano yanarudi." Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinaitikia wito wa laptopu yake, iliyokuwa wazi mezani.

Hedifoni zenye Multipoint hushika vifaa viwili kwa pamoja, ila hutoa sauti ya kimoja tu. Simu ikiita, kwa kawaida muziki hukaa pembeni. Muziki kwa muziki ndipo zinapotofautiana: nyingine hubaki na aliyetangulia mpaka anyamaze, nyingine humkimbilia aliyeanza mwisho.

1. Jua zako ni za aina gani. Cheza wimbo kwenye simu, kisha video kwenye laptopu bila kusimamisha wimbo. Zikihama, endelea.

2. Msake mwizi. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni nzima. Simamisha video, acha wimbo wa simu ucheze. Kwenye Windows, bofya alama ya spika chini kulia, vuta kiwango cha sauti kwa kipanya, achia. Italia "ding" moja. Kama wimbo wa simu umekatika, umeshamkamata: vimlio vya Windows vyenyewe. Kimlio ni cha nusu sekunde, lakini laptopu huacha njia ya sauti wazi kwa muda kidogo baada yake, ndiyo maana kimya kinazidi kimlio. Bonyeza Win+R, andika:

```
mmsys.cpl
```

Nenda Sounds, kwenye Sound Scheme chagua No Sounds, kisha OK. Video na mikutano haiguswi.

Kosa langu siku ile lilikuwa kushusha sauti ya laptopu mpaka sifuri. Haisaidii. Video inayocheza kwa sauti sifuri bado inatuma sauti, ila ni sauti ya ukimya, na hedifoni haziujui ukimya. Zinaona tu kuna kifaa kinacheza. Isimamishe au funga ukurasa.

Kwa binamu "ding" haikuwa mwizi pekee. Tuliizima, zikaendelea kuhama kila barua pepe ilipoingia, kwa sababu ukurasa wa barua pepe ulikuwa na kimlio chake ndani ya kivinjari, na Windows haina amri nacho. Tulikizima kwenye mipangilio ya ukurasa wenyewe.

3. Ukichoka kuwinda, bofya tena alama ya spika, fungua orodha ya vifaa vya sauti, chagua Speakers. Hedifoni zitabaki zimeunganishwa, lakini vimlio vitatokea kwenye spika za laptopu. Mimi hufanya hivi kila siku, na sioni haja ya programu za kununua za kubadilisha sauti. Angalia tu programu ya mikutano: huwa na orodha yake ya spika, na huenda bado imechagua hedifoni.

4. Ukiwa na mkutano mzito, zima blututhi ya simu. Simu ya mama ikiingia katikati ya usaili, hedifoni zinaweza kuuacha mkutano na kuifuata.