Mate si makohozi: kipindi cha kifua kikuu kijijini, kwa wanafunzi wa staji

Wiki iliyopita wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu waliniletea fishi yao, yaani karatasi ya mpango wa kipindi cha elimu ya afya. Kesho yake walikuwa wapande mlima kwenda kijiji kimoja cha Kabare, mwendo wa saa mbili kutoka Bukavu kwa mguu na pikipiki. Fishi ilikuwa na malengo 11, kuanzia vimelea vya Koch hadi chanjo ya BCG. Tulikaa mezani jioni nzima tukaikata. Yafuatayo ndiyo yaliyobaki, pamoja na kosa langu mwenyewe la zamani lililonifundisha kuikata hivyo.

1. Lengo moja, na liwe tendo

Lengo letu liliandikwa hivi: mtu aliyekohoa wiki 2 au zaidi aende kituo cha afya wiki hii hii, na ajue kutoa makohozi ya kweli. Kama sentensi ya kipindi haimpeleki mtu kwenye tendo hilo, ifute. Jina la kimelea halimpeleki mtu kituoni.

2. Saa na mahali

Dakika 45, nje, chini ya mti au barazani. Usichague siku ya soko. Muulize reko, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, maana yeye ndiye anayejua saa ambayo akina mama wameshatoka shambani na mvua haijaanza. Watu 30 hadi 40 wanatosha. Mkikaa nje hamna haja ya kuvaa barakoa mbele ya wanakijiji. Mkizivaa, nusu saa ya kwanza itakuwa ya kueleza kwa nini mnawaogopa. Barakoa ibaki mfukoni kwa ajili ya kuingia nyumbani kwa mtu anayekohoa.

3. Anza kwa kuuliza (dakika 5)

"Mtu akikohoa mwezi mzima hapa kwenu, watu wanasema ana nini? Anaenda wapi kwanza?" Sikiliza, usisahihishe. Mmoja wenu aandike majibu kama yalivyosemwa. Yatahitajika hatua ya 6.

4. Unavyoambukiza (dakika 8)

Mfano wangu ni mahindi yanayoungua jikoni. Mlango ukifungwa, harufu inamfikia kila aliye ndani, hata mtoto aliyelala kona ya mbali; mlango na dirisha vikifunguliwa, inatawanyika. Hewa ya mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu anayekohoa inakwenda vilevile. Halafu sema wazi kwamba sahani, kikombe na kupeana mkono havina kosa. Bila sentensi hiyo, mgonjwa atatengewa sahani yake huku akiendelea kulala na watoto watano katika chumba kisicho na dirisha.

Buati ya picha, zile picha za kufundishia, yenye mapafu mekundu siitumii. Mtu ambaye hajawahi kuona mapafu anaona nyama ya mbuzi. Wala siruhusu mchezo mfupi ambamo mwanafunzi anaigiza mgonjwa: watu hucheka, na yule anayekohoa kweli anaondoka taratibu kwa nyuma.

5. Makohozi (dakika 15, usipunguze)

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mpya kazini, nilifanya kipindi kizuri sana. Watu waliuliza maswali, walipiga makofi. Nilikuwa nimejifunza kila kitu kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa neno moja, "krasha", linabeba yote mawili: unachotema mdomoni na unachotoa kifuani. Basi nikawaambia watu walete mate. Watu ni waaminifu. Wakaleta mate.

Chupa 9 zilifika kituoni, na ndani ya 6 mlikuwa maji yenye povu. Moja ilikuwa ya baba aliyewahi kuchimba dhahabu upande wa Kamituga, amekohoa miezi mitatu na suruali imemlegea. Chupa yake ilipimwa hivyo hivyo, jibu likarudi: hakuna kimelea. Kijijini walilisoma jibu hilo kwa namna yao: kama hospitali haikuona kitu, basi ni karuho, amepewa sumu. Akapelekwa kwa mganga wa kienyeji kutapishwa. Tulipomfikia tena, ilituchukua alasiri nzima kumshawishi atoe chupa ya pili, na hiyo ikaonyesha kifua kikuu. Wakati huo wote alikuwa amelala chumba kimoja na mke wake na watoto.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kipindi, kaa na reko umuombe maneno mawili ya Kishi: lile la majimaji ya mdomoni na lile la uzito unaotoka kifuani. Kisha muulize mzee mmoja, bila reko kuwepo, kila neno linamaanisha nini kwake. Wakitofautiana, tumia maelezo marefu badala ya neno: "kile kinachotoka kifuani ukikohoa kwa nguvu asubuhi".

Beba chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, zenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, kama zile za maabara. Ya kwanza tia maji yenye povu kidogo la sabuni. Ya pili tia uji wa muhogo uliopoa, mzito, unaovutika ukiinamisha chupa. Zipitishe mkono kwa mkono na uulize ipi ni mate na ipi ni makohozi. Mwanamke mmoja juzi aliinamisha ile ya pili akasema, "Hii ndiyo inanisumbua usiku." Hakuhitaji maelezo mengine.

Weka alama kwa kalamu kwenye chupa ya pili, mililita 3 hadi 5, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Watu hudhani lazima ijae, na anayetaka kuijaza ataijaza mate.

Kisha onyesha namna ya kutoa, kwa ishara tu. Asubuhi, kabla ya kula, suuza mdomo kwa maji matupu. Toka nje, peke yako, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, ishike kidogo, iachilie. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu kohoa kwa nguvu kutoka chini ya kifua, na kinachotoka kitie moja kwa moja katika chupa. Funga vizuri, nawa mikono. Usimruhusu mtu yeyote ajaribu kukohoa kweli mbele ya kundi. Mwanafunzi mmoja alimwomba mzee "atuonyeshe", na mzee akatuonyesha, watoto wakiwa wameketi miguuni pake.

Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana mezani, na hapo baba anapata jibu la jirani. Chupa ikae kivulini, ifike kituoni siku hiyo hiyo. Reko akizikusanya asiziache kwenye pikipiki juani huku akinywa chai. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi, usimlazimishe. Mtoto anayekohoa au asiyeongezeka uzito apelekwe mwenyewe kituoni. Na anayetoa damu asisubiri asubuhi ya chupa, aende leo.

Sema pia, hata kama hakuna aliyeuliza: chupa ikirudi bila kitu na kikohozi kikiendelea, rudi tena. Jibu hilo halimaanishi kwamba kifua kikuu hakipo. Hata mashine ya Jeneksperti inapima tu kile kilichotiwa ndani ya chupa.

6. Karuho (dakika 8)

Swali litakuja. Juzi lilitoka kwa kijana aliyesimama pembeni: "Muganga, kaka yangu anakohoa na anakonda, banasema ni karuho. Dawa yenu inatoa karuho?"

Ukijibu kwamba karuho haipo, umempoteza yeye, shangazi yake, na mganga aliyeketi katikati yenu bila nyinyi kumjua. Ukijibu kwamba karuho ni kazi ya mganga na kifua ni kazi ya hospitali, umemwambia aanze huko, na kukonda na kikohozi cha muda mrefu vitaitwa karuho kila mara. Mwanafunzi aliyejibu juzi alikuwa amejiandaa. Akasema: "Kaka, sitabishana na familia. Lakini kukohoa na kukonda ni dalili za kifua kikuu pia, na kifua kikuu tunaweza kukiona katika chupa. Mlete kesho. Kama tumekiona, dawa ni ya bure. Na asinyweshwe dawa ya kutapisha wakati anasubiri, maana mwili wake umeshachoka." Kijana akauliza tu kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Ukijua kuna mganga wa kienyeji kijijini, mtembelee kabla ya kipindi, peke yako na reko. Usimhutubie. Muombe jambo moja: anayekohoa wiki 2 apitie kituoni kwanza. Baadhi hukubali.

7. Matibabu (dakika 4)

Miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, kila siku. Hiyo ni kwa kifua kikuu cha kawaida. Kile sugu kina mpango wake, msikiingize hapa. Waambie mambo mawili ambayo huwafanya watu waache. La kwanza, mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, si damu. La pili, baada ya mwezi mtu anapata nguvu na kujiona amepona, na hajapona. Macho yakigeuka manjano, arudi kituoni haraka.

8. Kuhakikisha na kufunga (dakika 5)

Usiulize "mmeelewa?" Mpe mama mmoja chupa tupu na umwambie amfundishe jirani yake. Akisahau kusuuza mdomo au akisema "mate", ni wewe uliyekosea; rudia hapo hapo.

Usiombe wanaokohoa wainue mikono. Tangaza kwamba reko atakuwa nyumbani kwake jioni na chupa tupu, na muuguzi mkuu wa kituo, ite wetu, anajua mtakuja. Hili la ite lihakikishe siku moja kabla, pamoja na hesabu ya chupa zilizopo. Ukiwatuma watu 10 kwenye kituo chenye chupa 3, saba hawatarudi.

Baada ya wiki moja rudi kituoni na daftari. Andika chupa ngapi zilifika na ngapi zilikuwa makohozi ya kweli. Kwa kundi la juzi zilifika 7, na 6 zilikuwa makohozi. Ya saba ilikuwa ya bibi mmoja aliyechelewa kufika kipindini.