Kabla ya kujaza safu ya lugha kwenye sivi

Hapa Bukavu, karibu kila sivi ninayoombwa kuipitia ina mstari uleule: Kiswahili vizuri sana, Kifaransa vizuri sana, Kiingereza vizuri. Wengi wanaoandika hivyo si waongo. Wamejipima kwa kusema tu, ilhali mwajiri anauliza mambo manne: kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa safu hiyo, soma tena ofa ya kazi na utafute vitenzi. Binti wa jirani yangu wa Kadutu alitaka nafasi ya kusimamia wakusanyaji takwimu. Ofa ilitaka mtu wa kuhoji familia kwa Kiswahili, kuandika ripoti ya kila wiki kwa Kiingereza, na kukutana na viongozi wa mtaa kwa Kifaransa. Yeye alikuwa ameandika "vizuri sana" kote. Tukaketi jioni moja, simu zikiwa zimezimwa, tukajipima.

Tulianza na Kiswahili, nacho ndicho kilichotushangaza. Nilimsimulia mkutano kwa dakika kumi, yeye akaandika muhtasari. Akaandika "batu", "mukutano", "niko naandika". Mtaani kwetu hicho ni Kiswahili safi, hakuna wa kukucheka. Lakini msomaji wa Nairobi au Dodoma anatarajia "watu", "mkutano", "ninaandika". Kisha nikamwomba asome kwa sauti idadi ya familia 45. Ikatoka kwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo tunavyohesabu sokoni. "Arobaini na tano" ilichukua muda kumjia. Mwishowe aliandika hivi: Kiswahili cha Bukavu, lugha ya nyumbani; Kiswahili sanifu: kusikiliza na kusoma vizuri sana, kuandika wastani. Kuhoji familia hakukupungukiwa chochote, na atakayemtaka atafsiri fomu atajua mapema.

Kiingereza alijifunza Kampala kwa miaka mitatu, na akizungumza utampenda. Nilimpa nusu saa aandike maneno 150 akieleza kwa nini takwimu za wiki zimechelewa. Alimaliza baada ya dakika hamsini. Sentensi zilikuwa fupi, zimeunganishwa kwa "na", "lakini" na "kwa sababu", na wakati uliopita ulimponyoka kila aya.

Hapo ndipo vipimo vya lugha, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mbobezi, vilivyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, vinasaidia kuliko neno "vizuri". Maandishi ya sentensi fupi zenye viunganishi vya namna hiyo ni ya A2. Mwenye B1 anaandika habari rahisi iliyoshikamana kuhusu mambo anayoyajua. Mwenye B2 anaandika kwa uwazi na kwa undani, akieleza sababu za kukubali au kukataa wazo. Basi tukaandika: kusikiliza na kusema B2, kusoma B1, kuandika A2. Hakufurahi. Lakini ripoti ya kila wiki ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na testi ya kuandika ingemfichua siku ya kwanza. (Barua yake ya maombi ya Kiingereza, kwa bahati mbaya, ilikuwa imeandikwa na binamu yake. Barua ya namna hiyo nayo inadai kiwango ambacho huna, kwa hiyo aliiandika upya mwenyewe.)

Kwa Kifaransa alikuwa na cheti cha DELF B2, akadhani suala limeisha. Angalia alama ndani yake. Mtihani una sehemu nne za alama 25 kila moja. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, mradi usishuke chini ya 5 katika sehemu yoyote. Yeye alikuwa na 18 kusikiliza, 17 kusoma, 15 kusema na 6 kuandika, jumla 56. Cheti ni halali na hakiishi muda, tofauti na matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS au TOEFL yanayohesabiwa kwa miaka miwili. Aliandika "DELF B2" pamoja na mwaka, na kando yake kwamba kusema kuna nguvu kuliko kuandika.

Fomu ikiwa na kisanduku kimoja tu kwa kila lugha, jaza kiwango cha kitendo ambacho ofa inakitaja kwanza, tofauti uieleze kwa sentensi moja kwenye barua. Lugha ya Mashi pia aliiacha, akidai haina maana kwa kuwa haiandiki. Nikamwambia aiongeze: "kusema tu". Familia za Kabare na Walungu zinahojiwa kwa lugha hiyo.