Kwiri, ripoti na dashibodi kwa mfano wa duka

Chukua duka la rejareja linaloandika kila mauzo kwenye jedwali la kompyuta. Ukiuliza, "Jana tuliuza kilo ngapi za sukari?" ukapata 14, hiyo ni kwiri: swali moja kwa data. Ripoti hukusanya majibu ya kipindi fulani, tuseme mauzo, matumizi na madeni ya Juni, ukishaichapisha haibadiliki. Dashibodi ni skrini yenye namba chache za sasa, nayo hujisasisha data mpya ikiingia. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Ikisoma kilo 6 asubuhi na 19 jioni, si kosa, sukari imeuzwa. Ila ikiganda kwenye 6 huku wateja wananunua, angalia kwanza kama muuzaji anaingiza mauzo.