SOMO: Kuchagua jina la gazeti la shule au la mtaa libebe kazi yenu na lihimili kichwa kikubwa cha habari

Wadau, kila shule zikifunguliwa naulizwa hili kuanzia Nyakato mpaka Sengerema, naliandika hapa mara moja.

1. Andikeni sentensi moja ya kazi ya gazeti. Ianze na kitenzi. "Kuelimisha jamii" sio kazi, kila mtu anasema hivyo. Klabu moja ya sekondari huku Ilemela waliandika hivi: kuwauliza wahusika yale maswali wanafunzi wanayoulizana bwenini. Hapo unajua kabisa kesho asubuhi mwandishi anaenda wapi.

2. Toeni majina mengi kwenye hiyo sentensi, bila kubishana kwanza. Wao walibaki na matatu: FAHARI YETU, SAUTI YA WANAFUNZI WA ZIWA na TUULIZE.

3. Hapa ndo wengi wanaharibu, someni taratibu. Jina halisomwi peke yake, linasomwa pamoja na habari iliyo chini yake, kwa hiyo chukua karatasi, andika jina juu, chini yake weka habari ngumu kuliko zote mnazoweza kuandika. FAHARI YETU, chini "BWENI LAKOSA MAJI WIKI NZIMA". Umeona? Jina linakanusha habari, na kitakachotokea ni mhariri kuanza kuilainisha habari ili ifanane na jina, mwisho mnabaki na picha za mahafali tu. Chini ya TUULIZE habari hiyohiyo inakaa vizuri. Halafu jaribu msiba, msiruke hili. Sisi wa kanda hii tunaijua ajali ya meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, na ya kivuko cha MV Nyerere pale Ukara 20 Septemba 2018. Jina la utani au la vichekesho haliwezi kukaa juu ya habari kama hiyo, na huwezi kubadilisha jina kwa wiki moja.

4. Pima upana. A4 ina sentimita 21, toa moja na nusu kila upande, zinabaki 18. TUULIZE ina herufi 7, kila moja inapata kama sentimita mbili na nusu. SAUTI YA WANAFUNZI WA ZIWA ukihesabu na nafasi ni 26, kila moja inapata milimita 7 hivi, wakati herufi kubwa za kichwa cha habari cha pointi 60 zina kimo cha kama milimita 15. Maana yake habari inalimeza jina, mtu akiliona mezani hajui ni gazeti gani. UHURU na NIPASHE yanaonekana toka mbali kwa sababu ni mafupi.

5. Herufi nene, piga fotokopi ya fotokopi. Mistari myembamba ikipotea badilisha fonti.

6. Kaulimbiu na jina la shule viende kwenye mstari mdogo chini ya jina.

MASWALI

sato_wa_kirumba: mkuu naomba jina zuri la gazeti la shule yetu, haraka tafadhali

Mwandishi: Hatua ya 1. Leta sentensi.

sato_wa_kirumba: si utaje tu hata moja

Mwandishi: Siijui shule yenu wala mtaandika nini. Nikitaja litakuwa jina langu, sio lenu.

Binti Igoma: Mwalimu, tuulize si inaweza kusomeka "tuulize sisi", yaani wasomaji ndo watuulize? Au ni sisi tuulize?

Mwandishi: Asante, swali zuri sana, na hata wao walibishania hilo. Jina likisomeka namna mbili, angalia kama zote mbili zinaendana na ile sentensi. Kwao zinaendana, mwanafunzi analeta swali na gazeti linaenda kuuliza. Wakaikazia kwa kaulimbiu: "Maswali ya wanafunzi, majibu ya wahusika". Ingekuwa maana ya pili inapingana na kazi yenu, hilo jina liacheni.

mkuu_wa_klabu: mkuu wa shule anataka jina la shule liwe kubwa juu, tufanyeje

Mwandishi: Mpelekeeni kurasa mbili zilizoprintiwa, habari moja, majina mawili, azione mwenyewe. Msiende na maneno matupu.

Mdau Mwaloni: Sisi ni la mtaa, tutaliuza sokoni. Jina la Kisukuma lenye ng' linafaa?

Mwandishi: Linafaa, ila mpeni mtu wa Ukerewe alisome kwa sauti, akikwama wauzaji wengine watakwama pia. Na kile kialama cha ng' kwenye herufi kubwa kinaacha pengo, kisogezeni kwa mkono. La kuuza linahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, muanzie Idara ya Habari Maelezo kabla hamjachapa chochote. Halafu mezani gazeti linakunjwa katikati, kwa hiyo jina na kichwa kikubwa vyote vikae nusu ya juu.

Binti Igoma: Na kuweka jina jeupe ndani ya mstari mweusi?

Mwandishi: Kwa kiwanda sawa. Kwa fotokopi ya stesheneri weusi mpana unatoka na mabaka, hasa wino ukikaribia kuisha. Wekeni jina jeusi kwenye karatasi ya rangi ya njano, bei haipandi sana na linaonekana.